Kikapu cha Shangazi Kilichorudishwa

Mteja alikirudisha kikapu cha ukili cha shangazi na neno moja tu: "Kidogo." Kwenye video kilionekana kama kapu la sokoni, kumbe upana wake ni sentimita 30. Aliyedanganya ni mimi, bila kujua. Niliisogeza simu karibu mno, na kitu kikiwa karibu na lenzi huvimba kuliko vilivyo nyuma yake.

Safari hii nilirudi nyuma mita 2 hivi, nikazumu kidogo. Video ya Etsy ni fupi, na sauti inaondolewa, kwa hiyo shangazi akisema "Waambie kimesukwa Pemba!" hakuna anayemsikia. Mikono ndiyo inasema. Anaanza kwa kutia chupa ya maziwa ya painti 4, ile iliyo kwenye kila friji hapa Uingereza, na ukubwa unaeleweka palepale. Halafu anakitundika begani, anatembea hatua tatu. Kitako kinabonyea kidogo. Shangazi alitaka nikate hapo, nikakataa. Bora mteja akione sasa kuliko akigundue nyumbani.

Mwisho ndiyo unasogea karibu, kwa ajili ya msuko tu. Tulizima taa ya dari, tukakiweka kikapu dirisha liwe ubavuni. Mwanga wa pembeni unaacha vivuli vidogo kati ya kindo na kindo, yaani unaona kabisa ukili ulivyo mkavu na wa kukwaruza. Nilipojaribu taa ya simu, ulionekana plastiki.