Jumanne ya Ankara, Alhamisi ya Kudai

Ukikaa na watu waliojiajiri, wapiga picha, wafasiri, wabunifu wa michoro, mafundi wa tovuti, hutangoja sana kabla hujasikia lawama juu ya wateja wasiolipa. Lawama nyingi ni za haki. Lakini mwombe mmoja wao akuonyeshe tarehe mbili, ile aliyokabidhi kazi na ile aliyotuma ankara. Mara nyingi kati ya hizo zimepita wiki mbili au tatu, na hizo hakuna mteja aliyezichelewesha. Kazi iliisha, mtu akapumua, akaingia kwenye kazi nyingine, akakumbuka ankara kodi ya nyumba ilipokaribia.

Kudai nako kuna ugumu wake. Kwetu kumdai mtu mzima ni jambo linaloonewa haya, hasa kama ndiye aliyekupa kazi na unatumaini atakupa nyingine. Kwa hiyo tunangoja mpaka shida ibane, kisha tunapiga simu kwa sauti ya mtu aliyebanwa, na mteja anaisikia. Siku maalumu inaondoa haya hizo. Hupigi simu kwa sababu umekasirika wala kwa sababu umeishiwa. Unapiga kwa sababu leo ni Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku yako ya kufuatilia malipo ya kila mtu.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mbunifu wa michoro wa Dar es Salaam amesanifu ripoti ya mwaka ya shirika fulani kwa shilingi 1,200,000. Wamekubaliana alipwe ndani ya siku 30 tangu ankara ipokelewe. Kazi imekubaliwa Jumatatu, Septemba 8, 2025. Kuna jambo moja aliloliuliza mapema, na watu wengi hawaliulizi: ofisi hii inalipa siku gani? Mhasibu akamjibu kwamba malipo hutoka tarehe 15 na tarehe 30, na orodha ya wanaolipwa hufungwa wiki moja kabla.

Jibu hilo lina uzito kuliko zile siku 30 zilizoandikwa kwenye mkataba. Ofisi kubwa hazilipi ankara siku inapoiva. Zinakusanya zilizoiva, zinapeleka kwa wanaosaini, kisha zinalipa kwa mkupuo. Mbunifu wetu akituma ankara kesho yake, Jumanne Septemba 9, itaiva Oktoba 9 na anaweza kuingia kwenye malipo ya Oktoba 15. Akingoja mpaka Septemba 24, itaiva Oktoba 24 na ataangukia tarehe 30. Na ikiwa kwenye ankara ile ya kuchelewa kuna kasoro, ikarudishwa, basi atalipwa katikati ya Novemba. Mwezi mzima umekwenda, na hakuna mtu ofisini aliyemfanyia ubaya.

Ndiyo maana naona Jumanne inafaa kuwa siku ya ankara. Jumatatu ofisi nyingi zina vikao na barua pepe za mwisho wa juma, na ankara yako inazama humo. Ijumaa mchana watu wanawaza mambo mengine. Kila Jumanne, kazi yoyote iliyokubaliwa tangu Jumanne iliyopita inaandikiwa ankara, hata kama ni ya shilingi elfu hamsini. Hakuna kazi inayosubiri zaidi ya siku saba.

Kikumbusho chenyewe kiwekwe kwenye kalenda ya simu kama tukio linalojirudia kila wiki. Wengi huchagua tarehe ya mwisho wa mwezi, na hapo kuna mtego: ukiweka tukio la kila mwezi tarehe 31 kwenye Google Calendar, miezi isiyo na siku 31 inarukwa kimyakimya. Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba hutaona kitu, nawe utadhani mwezi huo huna la kufanya. Siku ya juma haina tatizo hilo.

Saa nayo ni muhimu. Kikumbusho kinacholia saa moja asubuhi ukiwa umesimama kwenye daladala utakizima kwa kidole gumba, na kukizima ni sawa na kutokuwa nacho. Kiweke saa unayokuwa mezani mbele ya kompyuta, tuseme saa nne asubuhi. Na usikiandike "Ankara" tu. Kiandike tendo: "Fungua jedwali, andika ankara za kazi zilizokubaliwa, tuma."

Jedwali hilo ni la kawaida, la Excel au Google Sheets. Safu A ni namba ya ankara, B mteja, C kiasi, D tarehe uliyotuma, E tarehe ya kuiva, F tarehe uliyolipwa. Safu ya G inahesabu yenyewe siku zilizopita:

```
=IF(F2="",TODAY()-E2,"")
```

Namba ikiwa hasi, bado muda upo. Ikiwa chanya, mteja amechelewa siku hizo. Ukijaza F, namba inatoweka. Alhamisi unachotazama ni safu ya G tu, na huna haja ya kukumbuka nani anakudai simu na nani hajafika.

Sasa turudi kwa mbunifu wetu. Alhamisi ya kwanza, Septemba 11, ankara ina siku mbili tu. Anapiga simu, na kwa maoni yangu hii ndiyo simu yenye faida kuliko zote, ingawa bado hadai chochote. Swali lake ni jepesi: "Dada, habari za kazi. Ankara yangu namba 014 imekufikia? Kuna kitu kimepungua?" Mhasibu anafungua, anatazama, anasema haina namba ya LPO. Mbunifu anaiongeza na kuituma tena asubuhi hiyohiyo. Kasoro kama hii, au TIN iliyokosewa tarakimu, au jina la shirika lisilolingana na la kwenye LPO, au risiti ya EFD ambayo ofisi inaitaka iambatane na ankara, haikai wazi mpaka mtu auliza. Wengi huigundua siku ya 35, wanapopiga simu kwa hasira, na kuambiwa kwamba karatasi zao hazikuwahi kutoka mezani.

Alhamisi mbili zinapita bila neno. Kumsumbua mhasibu kila wiki wakati ankara haijaiva kunamfanya asipokee simu yako itakapohitajika. Kisha inafika Oktoba 2, wiki moja kabla ya kuiva na siku chache kabla orodha haijafungwa. Hapo ujumbe wa WhatsApp unatosha: "Habari za asubuhi dada. Nakumbushia ankara namba 014 ya Septemba 9, shilingi 1,200,000, ripoti ya mwaka. Je, itaingia kwenye orodha ya tarehe 15?" Tazama ujumbe ulivyo. Una namba, tarehe, kiasi na kazi yenyewe, ili mhasibu asilazimike kutafuta. Unaishia kwenye swali la ndiyo au hapana. Ungeandika "naomba unikumbuke kuhusu lile suala letu", jibu lingekuwa "usijali", na "usijali" haiwezi kuandikwa kwenye jedwali.

Majibu ya kukwepa yanajulikana: "iko kwenye mchakato", "bosi amesafiri", "tunalishughulikia". Si lazima yawe uongo. Lakini kila moja linaombewa tarehe, kwa upole: bosi anarudi lini, na akiwa hayupo nani anasaini badala yake? Tarehe utakayopewa unaiandika, na Alhamisi inayoifuata ndiyo siku utakayouliza tena. Humpi mhasibu nafasi ya kusema hukumwelewa, naye hakuoni msumbufu, maana siku aliichagua mwenyewe.

Sikukuu zinavuruga mpango, hivyo ziangalie mapema. Mwaka huo wa 2025, Oktoba 14, Siku ya Nyerere, iliangukia Jumanne. Ofisi zilifungwa, na ilikuwa siku moja kabla ya malipo ya tarehe 15. Kwa mbunifu wetu yalikuwa mambo mawili: ankara zake za wiki hiyo zisogee mpaka Jumatano, na asishangae ikiwa pesa ya tarehe 15 inaingia tarehe 16 au 17.

Alhamisi Oktoba 16 anafungua akaunti. Ikiwa haijaingia kitu, anapiga simu, haandiki ujumbe. Ikifika Alhamisi ya Oktoba 23 bila malipo wala tarehe, barua pepe inakwenda kwa aliyempa kazi, nakala kwa mhasibu, ikieleza tarehe zote kwa mpangilio na kusema kwamba kazi inayofuata itaanza baada ya hii kulipwa. Haina haja ya ukali, tarehe zinatosha.

Kuna deni ambalo kikumbusho hakiliwezi. Mteja asiye na pesa hatalipa kwa sababu umepiga simu siku ya Alhamisi. Utamjua kwa hadithi inayobadilika: wiki hii bosi hajasaini, wiki ijayo benki ina tatizo, kisha mfadhili hajaachia fedha. Ofisi iliyochelewa tu hurudia sababu ileile na kusogeza tarehe. Kwa huyu wa hadithi mpya, omba alipe kwa mafungu, hata kama fungu la kwanza ni dogo, na kazi yake nyingine usiiguse bila malipo ya awali.

Hatimaye pesa ikiingia, usikimbilie kujaza safu ya F. Mbunifu wetu anaona shilingi 1,140,000. Hajapunjwa. Tanzania, taasisi inayomlipa mkazi kwa huduma ya aina hii inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA, ambayo hapa ni shilingi 60,000. Asiyejua hilo hupiga simu kudai elfu sitini na kujiharibia jina. Lakini kuna anachopaswa kudai kweli, nacho ni cheti cha kodi hiyo, kwa sababu ndicho kitakachoonyesha kwamba sehemu ya kodi yake ya mwaka imeshalipwa. Anakiomba Alhamisi hiyohiyo, kwa ujumbe uleule wa shukrani, na mstari wa ankara 014 unabaki wazi mpaka cheti kifike.