Picha ya Viza Haibandikwi Ukuta

Ingia steshenari yenye kamera pale Kariakoo au Mwenge, useme unataka picha ya pasipoti. Mara nyingi fundi atakuketisha mbele ya kitambaa cha buluu bila hata kuuliza, kwa sababu ndiyo rangi iliyozoeleka kwenye fomu zetu nyingi. Ukimwambia baadaye kwamba picha ni ya viza ya Marekani na inatakiwa bakgraundi nyeupe, hatakuinua tena kwenye kiti. "Usijali, dada, naibadilisha hapa hapa." Atafungua Photoshop au programu ya simu, atabonyeza mara mbili tatu, buluu itaondoka na nyeupe itakaa mahali pake.

Kwa kitambulisho cha kazini, wasifu wa kuombea ajira au kadi ya chama cha michezo, hakuna tatizo. Anayeipokea anataka kukutambua tu, na rangi iliyo nyuma yako ni suala la kupendeza. Mlipe fundi, mwende zenu.

Viza ni habari nyingine. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inataka picha iliyopigwa ndani ya miezi 6 iliyopita, mbele ya ukuta au kitambaa cheupe au kinachokaribia weupe. Neno la kushika hapo ni "mbele ya": weupe uwepo wakati wa kupiga, usije baadaye. Maelekezo ya bahati nasibu ya viza, ile ambayo watu wengi huiita grinikadi, yamekuwa makali zaidi. Yamesema kwamba picha iliyochezewa kwa namna yoyote inamwondoa mwombaji. Uingereza nayo, kwa pasipoti zake, inataka picha ambayo haikubadilishwa kwa programu ya kompyuta, na Kanada inasema vivyo hivyo.

Msomaji anaweza kuuliza: ukuta una uhusiano gani na sura yangu? Jibu liko kwenye ukingo, pale kichwa kinapokutana na kilicho nyuma yake. Programu haijui nywele ni nini. Inakisia tu kwamba nukta hii ni ya mtu na ile ni ya kitambaa, na nywele zetu za kipilipili, hasa zikiwa zimeachwa ziote, zina ncha nyembamba ambazo buluu inapenya katikati yake. Nukta hizo ni nusu nywele na nusu kitambaa. Programu ikizikata, kichwa kinatoka laini kama yai na kimepungua urefu. Ikiziacha, kichwa kinazungukwa na utando wa buluu. Masikio nayo huliwa, hereni hubaki nusu, na mwenye shati jeupe hupoteza mabega. Kwa hiyo aliyedhani amebadilisha ukuta amebadilisha pia umbo la kichwa, kitu ambacho mashine ya kutambua sura na ofisa wa ubalozi wanakitazama.

Kuigundua picha ya namna hiyo si kazi ngumu. Ikuze kwenye skrini na ufuate mstari wa nywele hadi bega. Kisha ipunguze mwanga kwa nguvu. Ukuta wa kweli utaonyesha madoa, chembechembe na upande mmoja wenye giza kidogo kuliko mwingine. Ukuta uliobandikwa utashuka wote kwa rangi moja, kama umepakwa kwa roli. Ila usidanganywe na kinyume chake: picha ikipita kwenye ukaguzi wa mtandaoni wakati wa kujaza fomu ya DS-160, bado haijakubaliwa. Neno la mwisho ni la ubalozi.

Ukali huu una chanzo chake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, walionyesha kwamba sura za watu wawili zinaweza kuchanganywa kuwa picha moja ambayo mashine inaikubali kuwa ni ya kila mmoja wao. Maana yake ni pasipoti moja kutumiwa na wawili. Mwaka 2018 kikundi cha wanaharakati wa Ujerumani kiitwacho Peng! kilifanya hivyo kweli: kilichanganya sura ya mwanaharakati wake na ya Federica Mogherini, aliyekuwa mkuu wa sera ya nje ya Umoja wa Ulaya, na pasipoti ikatolewa. Tangu Mei 2025 Ujerumani imeachana na picha za karatasi kwa pasipoti na vitambulisho vyake. Picha hupigwa ofisini au hutumwa kwa njia salama na mpigapicha aliyeidhinishwa. Ofisa hana namna ya kujua kama aliyefungua picha yako kwenye Photoshop aligusa ukuta tu au aligusa na pua, kwa hiyo katazo linafunga mlango mzima.

Kinachoruhusiwa ni kukata kingo, kupunguza ukubwa na kuzungusha picha iliyopinda kidogo. Sasa tuipige inavyotakiwa.

Tafuta ukuta mweupe au tundika shuka jeupe lililopigwa pasi. Mpigwaji asimame kama mita moja mbele yake ili kivuli kisiangukie nyuma, akiangalia dirisha au mlango ulio wazi. Mpigaji asimame umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, simu ikiwa usawa wa macho. Selfi haifai, kwani kwa karibu pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Zima kipodozi cha kamera, kile kinacholainisha ngozi, maana simu nyingi huja kimewashwa, na kinahesabika kuwa ni kuhariri. Miwani ivuliwe. Hijabu inaruhusiwa, uso wote ukionekana bila kivuli, lakini chagua ya rangi, kwa sababu nyeupe itazama ukutani.

Kuna mtego mmoja unaotuhusu sana wenye ngozi nyeusi. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unatoka giza. Fundi naye hukimbilia kuung'arisha baadaye, na hapo mmeshaingia kwenye kuhariri. Dawa ni kugusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, ili kamera ipime mwanga pale.

Kwenye kukata, tuseme picha imetoka na kichwa chenye urefu wa nukta 1,500 toka kidevuni hadi juu ya nywele. Marekani inataka picha ya mraba, kichwa kikichukua asilimia 50 hadi 69 ya kimo chake. Kata mraba wa nukta 2,500 kila upande, na kichwa kitakuwa asilimia 60. Usogeze mpaka macho yawe juu kidogo ya katikati, kati ya asilimia 56 na 69 ukipima toka chini. Kisha upunguze uwe nukta 600 kwa 600, uhifadhi kama JPEG isiyozidi kilobaiti 240. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa na kupoteza ubora.

Ada ya viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185 na hairudishwi. Fundi akikuambia kitambaa cheupe hana, vuka barabara uende kwa mwenye nacho.