Mpako wa Wagonjwa Katika Mitaa ya Eastlands: Maneno ya Wazee na Sehemu ya Mgonjwa

Desturi ya Kikristo ya kumpaka mgonjwa mafuta hutegemea zaidi sura ya tano ya Waraka wa Yakobo, ambamo mwandishi anamwagiza Mkristo aliyeugua awaite wazee wa kanisa ili wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Katika agizo hilo hatua ya kwanza si ya wazee wala ya jamaa, bali ni ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayeagizwa kuita. Jambo hili husahauliwa mara nyingi katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Makadara na Buruburu hadi Umoja, Kayole na Dandora, ambako familia nyingi humwita padri wakati mgonjwa hawezi tena kusema neno lolote.

Sababu moja ya kuchelewa huko ni ya kihistoria. Kwa karne nyingi Kanisa Katoliki lilitoa mpako huu hasa kwa walio karibu kufa, na padri alipaka macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu, akiomba msamaha wa dhambi zilizotendwa kwa kila kiungo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba sakramenti hii, yaani ishara takatifu ambayo kwayo neema ya Mungu hutolewa, si ya wale tu walio katika saa ya mwisho, na mnamo Novemba 1972 Papa Paulo VI akaidhinisha utaratibu mpya ambao ndio unaotumika hadi leo. Hata hivyo, wazee wengi waliolelewa katika desturi ya zamani wangali wanamwona padri mwenye chupa ya mafuta kama mjumbe wa mauti, na kwa hiyo watoto wao huogopa kumwita wasije wakamtisha mgonjwa.

Ili utaratibu wenyewe ueleweke, na achukuliwe kwa mfano mama wa miaka 68 anayeishi ghorofa ya nne katika nyumba ya kupanga huko Umoja, ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi na ambaye husafishwa damu hospitalini mara mbili kwa juma. Mama huyu anastahili mpako tangu ugonjwa wake ulipokuwa wa hatari, hata kama bado anatembea na kupika chai yake mwenyewe, na akiwa na tarehe ya upasuaji unaotokana na ugonjwa huo anaweza kupakwa kabla ya kulazwa. Anachotakiwa kufanya ni kumweleza mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumbani kwa zamu, ambaye hupeleka ombi hilo kwa paroko. Jumuiya hizi, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo katika miaka ya 1970, ndizo zinazojua ni nani anayeumwa katika ploti ipi, na pasipo hizo padri mwenye waumini maelfu asingeweza kujua.

Padri akifika huwakuta majirani wameketi, na juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe kuna msalaba na mshumaa. Baada ya salamu na kunyunyiza maji ya baraka, huwaomba watu watoke kwa muda ikiwa mgonjwa anataka kuungama, kwa maana maungamo ni siri kati ya hao wawili, na katika chumba kimoja chenye pazia tu ombi hilo halina budi kutekelezwa kikamilifu hadi watu wasimame nje kwenye baraza. Watu wakirudi husomwa Neno la Mungu, jumuiya huitikia maombi mafupi, kisha padri humwekea mgonjwa mikono kichwani bila kusema lolote. Kimya hicho ni sehemu ya ibada, na waimbaji hukosea wanapokijaza kwa wimbo.

Mafuta yenyewe hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma wakati wa Juma Kuu, nayo kwa kawaida ni ya zeituni, ingawa tangu 1972 mafuta mengine yatokanayo na mimea yanakubaliwa. Katika dharura padri anaweza kuyabariki mafuta papo hapo, hivi kwamba hata mafuta ya alizeti yaliyomo jikoni yanafaa. Padri huchovya kidole gumba, hupaka alama ya msalaba kwenye paji la uso akisema nusu ya kwanza ya maneno, ambayo humwomba Bwana amsaidie mgonjwa kwa neema ya Roho Mtakatifu, kisha hupaka viganja akisema nusu ya pili, ambayo humwomba amweke huru na dhambi, amwokoe na kumwinua. Maneno hayo hayautaji ugonjwa kwa jina, hayauamuru utoke, na hayaahidi siku ya kupona. Mgonjwa huitikia Amina baada ya kila nusu, na Amina hizo mbili, fupi namna hiyo, ndizo idhini yake na imani yake mbele ya watu wote.

Waadventista Wasabato, ambao wana makanisa mengi katika mitaa hiyohiyo, wanalitekeleza agizo la Yakobo kwa namna nyingine. Wakatoliki huwaelewa wazee wanaotajwa kuwa ni mapadri na maaskofu peke yao, kama Mtaguso wa Trento ulivyotamka mwaka 1551, ilhali Waadventista wanao wazee wa kanisa waliochaguliwa na washiriki na kuwekewa mikono, ambao humsaidia mchungaji katika ibada hiyo. Kwao hakuna maneno yaliyowekwa. Kila mzee huomba kwa maneno yake, na mgonjwa mwenyewe huomba pia akiweza, baada ya kujichunguza na kupatana na aliokosana nao. Tofauti ni kubwa katika mafundisho, lakini pande zote mbili zinangoja ombi la mgonjwa, na zote mbili huyaacha matokeo katika mapenzi ya Mungu.

Hapo ndipo msomaji anapoweza kupima huduma nyinginezo zinazotolewa mitaani. Anayedai malipo kwa ajili ya chupa ya mafuta, anayetaja siku ambayo ugonjwa utaisha, au anayemwambia mgonjwa aache dawa za kifua kikuu, insulini au dawa za kupunguza makali ya virusi ili kuthibitisha imani yake, ameondoka kabisa katika agizo la Yakobo, na madhara yake huonekana wazi hospitalini. Mama wa Umoja akishapakwa hurudi kusafishwa damu siku yake ileile, na hali yake ikizidi kuwa mbaya anaweza kupakwa tena.

Aliyepoteza fahamu naye hupakwa, mradi inaaminika kwamba angeomba mpako kama angeweza, na padri akiwa na shaka kama mtu amekwisha kufa humpaka. Lakini aliyekufa kwa hakika hapakwi, bali huombewa kama marehemu, na familia inayomwita padri usiku baada ya pumzi ya mwisho hupata sala hiyo tu. Kwa hiyo mwenye mgonjwa nyumbani amwulize leo, akiwa bado anaweza kujibu, kama angependa kuitiwa wazee wa kanisa.