Protini iliyoliwa na protini iliyobaki sahani­ni

Matoke na maharage ni chakula cha kila siku Kisugu, jijini Kampala. Tuseme mgonjwa aliyeagizwa kuandika protini anayokula amepakuliwa gramu 300 za matoke na gramu 200 za maharage yaliyochujwa mchuzi. Matoke yaliyopikwa yana takriban gramu 1 ya protini katika kila gramu 100, na maharage takriban gramu 9. Sahani hiyo, basi, ina gramu 21.

Amebakiza gramu 150. Wengi hupima mabaki yote kwa pamoja, wakaona ni asilimia 30 ya chakula, wakapunguza protini kwa kiasi hicho hicho na kupata karibu gramu 15. Lakini kama kilichobaki ni matoke matupu, mgonjwa amekula gramu 19.5, kama ni maharage, 7.5 tu. Ndiyo maana kila chakula kilichobaki hutengwa, kikapimwa peke yake, na protini yake ikatolewa.

Maharage yaliyobaki nayo huchujwa kwanza, la sivyo uzito wa mchuzi utahesabiwa kuwa protini iliyoachwa. Na mtoto akiyamalizia mabaki kabla hayajapimwa, heri kuandika hivyo kuliko kukisia.