Anayeondoka amwachie nini anayepokea katalogi ya duka

Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, leso huuzwa kwa macho na vidole. Mteja hufungua doti, akasoma jina, akakagua pindo, kisha akasogea mlangoni aione rangi kwenye mwanga kabla ya kupatana bei. Mteja anayenunua kwa simu hana nafasi hiyo. Anategemea picha na maneno ya mhudumu. Siku mhudumu huyo anapoacha kazi, ujuzi wake wa kuyaandika maneno hayo huondoka naye, isipokuwa kama ameuacha kwa maandishi.

Maduka mengi humkabidhi mfanyakazi mpya simu na namba ya siri, basi. Tuchukue duka la leso na vitenge linalouza kwa katalogi ya WhatsApp Business. Katalogi hiyo hubeba hadi bidhaa 500, na kila bidhaa ina nafasi ya picha hadi 10, jina, bei, maelezo na namba yake. Kuzijaza nafasi hizo hakumshindi mtu. Kinachomshinda mgeni ni kujua kwa nini bidhaa hii iliandikwa hivi na si vile. Kwa hiyo waraka mzuri wa makabidhiano huweka, chini ya kila kanuni, kosa lililosababisha kanuni hiyo itungwe. Mtu akishajua kosa lenyewe, hataivunja kanuni kwa sababu ya haraka.

Kanuni ya kwanza katika duka kama hili ni ya kipimo. Leso huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyotoka kiwandani vikiwa vimeungana. Mnunuzi hukata na kupinda mwenyewe. Mwenyeji wa Pwani hahitaji kuelezwa hayo. Lakini mteja aliyeko mbali, pengine Maskati au Ulaya, akiona tangazo lisemalo “leso moja” juu ya picha ya kipande kimoja, hana njia ya kujua kama bei ni ya kipande au ya doti. Akidhani ni ya kipande, ataona duka ni ghali na kupita. Akitaka vipande viwili, anaweza kuagiza “mbili” na kupelekewa doti mbili. Kitenge nacho kina mtego wake, kwa kuwa “kipande” kinaweza kuwa cha yadi 6 au nusu yake. Waraka useme wazi kwamba kitenge huandikwa kwa yadi na mita pamoja: yadi 6 ni kama mita 5.5.

Hapo ndipo kiolezo kinaposaidia, mradi kiachwe kikiwa kimejazwa. Mgeni hujifunza zaidi kwa mfano mmoja uliokamilika kuliko kwa fomu tupu. Tuseme doti mpya imeingia, yenye jina “Wema hauozi”. Tangazo lake lingesomeka hivi: “Leso (kanga) – WEMA HAUOZI – nyekundu na nyeusi. Doti moja, vipande 2, haijakatwa wala kupindwa. Kila kipande sm 150 kwa 110. Pamba tupu. KES 900 kwa doti. Namba L-014.”

Kila neno hapo lina kazi. “Leso” na “kanga” yote yamo kwa sababu mteja wa Mombasa hutafuta la kwanza na wa Dar es Salaam la pili. Jina limenakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye kitambaa. Likikosewa kidogo tu, anayelitafuta kwa maandishi hatalipata. Ikiwa kiwanda chenyewe kilichapa jina kwa kosa la tahajia, huandikwa kama lilivyo, kisha tahajia sahihi ikafuata kwenye maelezo. Vipimo hupimwa kwa utepe wa fundi na havinakiliwi kutoka doti iliyotangulia, maana viwanda hutofautiana. Na sarafu hutajwa kikamilifu, KES au TZS. Alama ya “sh” peke yake haitoshi, kwani shilingi ya Kenya ni sawa na takriban shilingi 20 za Tanzania, na mteja wa ng'ambo ya mpaka anaweza kusoma bei tofauti kabisa na iliyokusudiwa.

Picha zina kanuni fupi: tatu kwa kila leso. Ya kwanza huonyesha kipande kizima kilichotandazwa, ili pindo na mji vionekane. Ya pili hulikaribia jina. Ya tatu ni ya kona, utepe ukiwa juu ya kitambaa. Hupigwa mchana, kivulini karibu na mlango. Taa ya manjano ya dukani huifanya nyeupe ionekane kama maziwa yaliyotiwa zafarani, na mteja aliyeagiza leso nyeupe kwa ajili ya harusi ana haki ya kuirudisha.

Kwa vitenge, kosa linaloharibu jina la duka ni kupachika neno “waksi” kwenye kila kitambaa chenye maua makubwa. Kitenge cha waksi halisi huwa na rangi iliyopenya, hivyo upande wa juu na wa chini karibu ulingane. Kile kilichochapwa upande mmoja hufifia kinapogeuzwa. Mhudumu mpya afundishwe kukunja kona na kupiga picha ya pande zote mbili katika fremu moja. Jina la kiwanda, kama Vlisco cha Helmond, Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1846, huandikwa tu pale ambapo limechapwa kwenye ukingo wa kitambaa na duka lina hakika na mahali liliponunua mzigo. Kitenge cha bei nafuu hakina aibu yoyote kikitajwa kwa sifa zake cha kweli.

Kosa la kila siku, hata hivyo, ni bidhaa iliyokwisha kubaki kwenye katalogi. Doti ya mwisho inauzwa kaunta asubuhi, na mchana mteja wa simu anatuma pesa za doti ileile. Dawa yake ni ile namba ya L-014: kibandiko chenye namba hiyo hukaa kwenye doti ya mwisho rafuni, na anayeiuza hampi mteja mzigo kabla ya kubandua kibandiko na kukiweka mezani kwa mwenye katalogi. Yeye huificha bidhaa, haifuti. Iliyofichwa hurudishwa mzigo mpya ukiingia, pamoja na picha na maelezo yake; iliyofutwa huandikwa upya, na bidhaa mpya hukaguliwa kwanza kabla ya kuonekana kwa wateja.

Ukurasa wa mwisho wa waraka uhusu funguo. Laini ya duka ibaki kwa mwenye duka, na mfanyakazi aunganishwe kama kifaa cha ziada. Yule anayeondoka akatwe siku hiyohiyo kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na namba ya siri ya uthibitisho yenye tarakimu 6 ibadilishwe. Picha za mazungumzo ya wateja walioridhika zisiwekwe kwenye stetasi namba zao zikionekana. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na mteja hakutoa namba yake ili itangazwe.

Waraka ukikamilika, ujaribiwe wakati anayeondoka bado yupo. Anayepokea apewe doti moja isiyo kwenye katalogi, aiandike peke yake kwa kufuata kiolezo. Anayeondoka asiishike doti hiyo. Asome tangazo kwenye simu yake kama mteja, kisha aulize kila analohitaji kujua kabla ya kulipa. Swali lolote ambalo tangazo halikulijibu liongezwe kwenye kiolezo kabla hajaondoka.