Elfu 30 ya kusuka inavyofika elfu 70

Katika saluni nyingi za Dar es Salaam, ubao wa mlangoni husema rasta ni kuanzia shilingi 30,000. Mteja huingia na 40,000 mkononi akiamini amebeba ya ziada. Jioni, kichwa kikiwa kimekamilika na hakuna tena namna ya kurudi nyuma, anaambiwa ni 70,000. Hapo anaanza kutuma ujumbe kwa dada yake amtumie pesa kwenye simu, huku wateja wengine wanamwangalia.

Mara nyingi hakuna aliyemwibia. Ile 30,000 ya ubaoni ilikuwa ya ufundi peke yake, yaani mikono ya wasusi. Ndani ya rasta zake mlikuwa na mambo mengine matatu: nywele za pakiti, maandalizi ya kichwa, na kufumua msuko wa zamani. Kila moja lina bei yake na kila moja hupanda kwa sababu tofauti. Ndiyo maana bei za saluni mbili haziwezi kulinganishwa kwa kutazama namba mbili za ubaoni.

Tuanze na ufundi, maana ndiko kazi iliko. Bei ya kusuka ni bei ya saa. Chukua rasta za ukubwa wa kati, zile zisizo na fundo kwenye shina ambazo wengi huziita notlesi, zinazofika kiunoni. Kichwa kimoja kinaweza kubeba misuko 120 hivi. Ikiwa kila msuko unachukua dakika 4 kuanzia kugawa mraba, kuanzisha shina, kuongeza nywele kidogo kidogo hadi kumalizia ncha, hizo ni dakika 480, sawa na saa 8 za msusi mmoja. Wakikaa wasusi wawili, mmoja kushoto na mwingine kulia, mteja anatoka baada ya saa 4, lakini kazi iliyofanyika bado ni ya saa 8.

Sasa mteja huyohuyo akitaka ziishie mabegani, msuko mmoja haushuki hadi dakika 2. Shina ndilo linalokula muda, na shina ni lilelile hata rasta ikiwa fupi. Tuseme unachukua dakika 2 na nusu. Jumla ni dakika 300, saa 5. Kwa hiyo kama saluni inatoza ufundi wa 30,000 kwa kiunoni, ya mabegani ingepaswa kuwa karibu na 20,000. Saluni inayotoza bei moja kwa urefu wote inamkamua mwenye rasta fupi ili kumfidia mwenye ndefu.

Ukubwa wa msuko ndio unaowashangaza wengi zaidi. Mteja anaonyesha picha, anasema anataka nyembamba kidogo kuliko hizo, kisha anakasirika bei inaporuka. Lakini kichwa ni eneo. Ukipunguza upande wa kila mraba kwa nusu, mraba mmoja wa zamani unatoa minne mipya. Kichwa kilichokuwa na misuko 100 sasa kina 400. Msuko mwembamba husukwa haraka kuliko mnene, ila hauwezi kusukwa haraka mara nne. Msusi anayeongeza 10,000 tu kwa kazi hiyo amejipunja mwenyewe, na dalili yake utaiona nyuma ya kichwa, karibu na shingo, ambako miraba huanza kupanuka saa za mwisho kwa sababu wasusi wamechoka na wanataka kumaliza.

Pakiti ni hadithi nyingine. Kwa rasta za kiunoni mteja wetu anahitaji pakiti 6. Kwa za mabegani pakiti 3 zinaweza kutosha, kwa kuwa nywele hukatwa katikati na kila nusu ikafanya kazi. Weka bei ya mfano: dukani Kariakoo pakiti ni 3,500, saluni ni 4,500. Pakiti 6 za saluni zinafika 27,000. Kisha kuosha na kupiga draya ili nywele zinyooke na kugawanyika vizuri, 8,000. Kufumua rasta za miezi miwili iliyopita, 5,000. Ukijumlisha na ufundi wa 30,000, umefika 70,000 kamili bila mtu yeyote kukudanganya.

Jirani ya saluni hiyo kuna nyingine inayosema 60,000 kila kitu. Inaonekana nafuu kwa 10,000. Swali la kuuliza hapo ni moja: pakiti ngapi zimo ndani? Ikiwa ni 4, mteja wa kiunoni ataambiwa katikati ya kazi kwamba nywele zimeisha, aongeze 2, na kwa 4,500 kila moja anafika 69,000. Akikataa kuongeza, rasta za upande wa mwisho zitatoka nyembamba kuliko za mwanzo, na huo ni ubaya unaoonekana hata na mtu asiyejua kusuka. Bei ya jumla ni nzuri pale tu pakiti zimehesabiwa mezani kabla msuko wa kwanza haujaanza.

Kwa upande mwingine, mteja aliyefumua mwenyewe nyumbani, akaosha, akakausha na kuchana, kisha akaja na pakiti 6 za dukani za 21,000, atalipa 51,000 katika ile saluni ya kwanza iliyoonekana ghali. Tahadhari ni kwamba nywele ziwe kavu kabisa na zisiwe na mafuta mengi. Zikiwa na mafuta, rasta huteleza kwenye shina ndani ya wiki moja na msusi hatawajibika. Na kuna saluni zinazotoza ada ndogo kwa anayekuja na pakiti zake, kwa hiyo aulize mapema.

Hapa nina jambo ninalolisema kwa moyo wote. Tunapopunguziwa bei, tunapunguziwa mfukoni mwa nani? Katika saluni nyingi za mitaani msusi hana mshahara. Anagawana ufundi na mwenye saluni, na mgao wa nusu kwa nusu ni wa kawaida. Katika 30,000 yetu, mwenye saluni anachukua 15,000 na wasusi wawili wanagawana 15,000, yaani 7,500 kila mmoja kwa saa 4 za kusimama. Ukibembeleza upunguziwe ufundi hadi 25,000, kila msusi anabaki na 6,250. Faida ya pakiti, ile tofauti ya 1,000 kwa kila moja ambayo kwa pakiti 6 ni 6,000, haijaguswa, nayo kwa kawaida ni ya mwenye saluni. Kwa hiyo mwenye kutaka nafuu aitafute kwenye pakiti na kwenye maandalizi anayoweza kufanya nyumbani. Ufundi auache. Msusi aliyepunjwa hasemi, lakini mkono wake unaharakisha.

Urefu una maana nyingine kabisa kwa wanaoweka dawa ya kulainisha nywele. Saluni nyingi hupanga bei ya kurudishia dawa kwa urefu: fupi, za kati, ndefu, na ndefu hulipa hata mara mbili. Hesabu hiyo haijakaa sawa. Nywele hukua kama sentimita 1.25 kwa mwezi. Aliyekaa miezi miwili ana sentimita 2 na nusu za nywele mpya kwenye shina, na dawa inapaswa kupakwa hapo tu. Nywele zilizokwisha kulainishwa hazipakwi tena, maana dawa hizi zina alkali kali na zikirudiwa juu ya nywele zilezile huzifanya zikatike. Mwenye nywele za mgongoni na mwenye nywele za shingoni wanatumia dawa karibu sawa, kama wingi wa nywele zao ni sawa. Kinachoongezeka kwa nywele ndefu ni shampuu, kondishena na muda wa draya. Elfu kadhaa za ziada ni haki, mara mbili si haki. Isipokuwa anayeweka kwa mara ya kwanza: huyo anapakwa kuanzia karibu na shina hadi ncha, na urefu unahesabika kweli.

Aina ya dawa pia hubadilisha bei, na hapo mteja ana haki ya kuona kopo. Zipo dawa za kuchanganya, krimu na kimiminika chake, ambazo zikishachanganywa zinatakiwa kutumika ndani ya saa 24 na mabaki kutupwa. Ukilipia bei ya boksi zima, lifunguliwe mbele yako. Ukichotewa kwenye kikopo kisicho na jina, unalipia kitu usichokijua na huna namna ya kujua kilichanganywa lini. Usikubali pia kuondolewa kwenye bei shampuu ya kukata makali ya dawa ili upate nafuu. Baadhi ya shampuu hizo zina rangi ya kuonyesha: povu likiwa bado la waridi, dawa ingalipo kichwani na unaoshwa tena hadi liwe jeupe. Gharama yake ni ndogo. Dawa inayobaki huendelea kuunguza ngozi ukiwa umeshafika nyumbani.

Kwa wanaume mambo ni mepesi, na ndiyo sababu bili yao hupanda kimyakimya. Kinyozi hatozi kwa urefu, kwa kuwa mashine hupita juu ya nywele za sentimita 1 au 5 kwa muda unaokaribiana. Anatoza kwa mtindo. Kunyoa kipara ni kazi fupi. Kufifisha nywele kutoka ngozini kwenda juu, kubadilisha namba za mashine hatua kwa hatua kisha kuchonga mstari kwa wembe mpya, kunaweza kuchukua dakika 40, na inafaa kulipiwa zaidi. Wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako. Huo umo ndani ya bei, hauna ada ya peke yake.

Bili hupanda ukihamia kwenye sinki. Umenyolewa kwa 5,000, dada anakukaribisha kuosha kichwa, anaendelea na skrabu ya uso, masaji ya mabega, halafu anauliza kama akupake weusi kwenye ndevu. Ukitoka ni 20,000. Dada huyo mara nyingi hana fungu katika ile 5,000 ya kinyozi. Anaishi kwa skrabu na masaji, ndiyo maana hawezi kukaa kimya. Usitake huduma kisha ukagomea malipo. Kabla hajakulaza kwenye sinki muulize bei ya kila kimoja, umwambie unachotaka na usichotaka. Weusi wa ndevu uache hadi siku nyingine kama hujawahi kuupaka: rangi hizo huwasha na kuvimbisha baadhi ya watu, na jaribio la tone dogo nyuma ya sikio linahitaji siku mbili kuonyesha jibu.