Kitako cha Mfereji Kiwe na Upana Gani?

Tuseme kamati ya skimu ya mpunga inataka kusakafia kilomita moja ya mfereji wake mkuu. Kiasi cha maji kinajulikana: lita 1,000 kwa sekunde, ambazo zinatosha hekta 500 ukikadiria lita mbili kwa kila hekta. Mteremko nao hauna mjadala, maana umeshaamuliwa na ardhi yenyewe. Kuanzia kwenye banio hadi mwisho wa kilomita hiyo, ardhi inashuka nusu mita tu. Kilichobaki mikononi mwa kamati ni umbo la mfereji. Kitako kiwe na upana gani, maji yawe na kina gani, na kuta zilale kiasi gani? Kila jibu lina idadi yake ya mifuko ya saruji.

Ukipita kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Moshi au Mbarali utaona kwamba mifereji mingi imechimbwa kwa umbo la trapeza: kitako chembamba, juu kupana, kuta zimelala kwa nje. Umbo hilo linapendwa kwa sababu udongo hausimami wima kwa muda mrefu, na ukuta uliolala humwagiwa zege bila kuhitaji mbao nyingi. Hata hivyo trapeza si umbo moja. Inaweza kuwa nyembamba yenye kina kirefu, au pana yenye kina kifupi, na zote mbili zikapitisha maji yaleyale.

Ili kuona tofauti yake, tazama kinachoyachelewesha maji. Mteremko unayavuta kwenda mbele, na zege linayashika pale yanapoligusa. Kwa hiyo ukikata mfereji kwa mapana yake kuna vipimo viwili vya kuangalia. Cha kwanza ni eneo la maji. Cha pili ni urefu wa mstari wa zege linaloguswa na maji, kuanzia ukingo wa maji upande mmoja, kushuka ukutani, kupita kitako, hadi ukingo wa upande wa pili. Wahandisi huuita mzingo uliolowa. Eneo likigawanywa kwa mzingo huo tunapata R, na R ikiwa kubwa maji hukimbia zaidi. Robert Manning, mhandisi wa Ireland, alitoa mwaka 1889 kanuni ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi kwenye mifereji:

V = (1/n) × R^(2/3) × S^(1/2)

V ni kasi ya maji kwa mita kwa sekunde, S ni mteremko, na n ni mkwaruzo wa uso unaoguswa na maji. Zege lililolainishwa vizuri lina n ya karibu 0.015. Mfereji wa udongo, hata ukiwa safi, hufika karibu 0.025.

Mzingo uliolowa unabeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Ndio unaoyakwaza maji, na ndio unaolipiwa saruji. Ukiufupisha bila kupunguza maji yanayopita, umeokoa fedha. Basi swali la kamati linakuwa hili: kwa maji haya na mteremko huu, ni trapeza ipi yenye mzingo mfupi kuliko zote?

Kwa kuta zilizolala nyuzi 45, yaani mita moja nje kwa kila mita moja juu, hesabu inatoa jibu moja: upana wa kitako uwe 0.83 ya kina cha maji. Jibu hilo linaweza kukaguliwa kwa bikari kwenye mchoro. Weka ncha katikati ya mstari wa uso wa maji, fungua bikari kwa kipimo cha kina, kisha chora nusu duara. Ikigusa kitako na kuta zote mbili bila kuzikata, umbo ni lile lenyewe. Kipimo hicho kinafaa kwa kuta za mlalo wowote, hata pale ambapo 0.83 inabadilika.

Tukirudi kwenye kilomita yetu, umbo hilo linatoa kitako cha sentimita 68 na kina cha maji cha sentimita 82. Mzingo uliolowa ni mita 2.99. Juu ya maji tunaacha sentimita 25 za akiba, kwa ajili ya mawimbi na siku ambazo maji yanazidi, na kuta za akiba nazo husakafiwa. Zege la unene wa sentimita 7.5 linafikia mita za ujazo 277 kwa kilomita nzima. Kwa mifuko sita na nusu ya kilo 50 katika kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko kama 1,800.

Wengi huishia hapo, wakidhani wameshapata mfereji wao. Lakini hesabu ina upande wa pili, na ndio wenye faida kubwa zaidi kwa anayejenga. Panua kitako kutoka sentimita 68 hadi mita moja kamili. Umeongeza sentimita 32 za zege chini. Lakini mfereji ukipanuka, maji hushuka kutoka kina cha sentimita 82 hadi 71, na kuta zote mbili kwa pamoja zinafupika kwa sentimita 29. Nyongeza halisi ni sentimita 3 tu, mzingo ukifika mita 3.02. Kwa kilomita nzima ni kama mifuko 17 ya saruji juu ya ile 1,800.

Kwa mifuko hiyo 17 umenunua mengi. Mtu anaweza kusimama ndani ya mfereji na kuzoa tope kwa sepetu bila kubanwa na kuta. Uchimbaji ni wa kina kifupi zaidi, jambo linalopunguza gharama pale ambapo chini kuna mwamba au maji ya ardhini. Na fundi anapima mita moja, kipimo ambacho hakosei, badala ya sentimita 68. Ndiyo maana mfereji uliojengwa vizuri mara nyingi ni mpana kidogo kuliko ule wa kwenye vitabu.

Uhuru huo una mwisho wake. Kitako kikiwa mita 1.5, kina kinakuwa sentimita 60 na saruji inazidi kwa mifuko kama 100. Kikifika mita 2.5, maji yanakuwa na kina cha sentimita 45 tu, na nyongeza inakaribia mifuko 400. Sababu ni kwamba kadiri mfereji unavyozidi kupanuka, kila sentimita unayoongeza chini inafupisha kuta kwa kiasi kidogo zaidi, hadi unafika mahali unapolipa karibu nyongeza yote. Anayetaka kanuni ya mkono anaweza kushika hii: kwa kuta za nyuzi 45, kitako kikiwa kati ya 0.8 na mara 1.5 ya kina, hasara ya saruji ni ndogo. Kikivuka mara mbili na nusu ya kina, gharama inaanza kuuma.

Mlalo wa kuta ndio wenye uzito zaidi, na hapo udongo ndio unaosema. Trapeza bora kuliko zote ni nusu ya pembesita, yenye kuta za nyuzi 60. Kwenye kilomita yetu ingeokoa mifuko zaidi ya 100 ikilinganishwa na kuta za nyuzi 45. Lakini zege bichi likimwagwa kwenye ukuta wa nyuzi 60 huteleza chini, hivyo utahitaji mbao za kulizuia kwa urefu wote, na udongo wa nyuma uwe mgumu wa kujisimamia. Kwa upande mwingine, udongo ukiwa wa kichanga kiasi cha kulazimisha mita moja na nusu nje kwa kila mita moja juu, saruji inaongezeka kwa mifuko kama 230 hata ukichagua kitako bora cha mlalo huo. Kuibana gharama hiyo kwa kusimamisha kuta kuliko udongo unavyoruhusu ni kununua nyufa. Ukuta unapoanza kusukumwa na udongo, ufa hutokea kwa urefu wa mfereji, theluthi moja au nusu ya njia kutoka chini, na bamba la zege huanza kuvimba kuelekea ndani.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Mwea, una tabia yake. Hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na bamba jembamba la zege haliwezi kuuzuia. Huko hatari haitatuliwi kwa umbo. Hutolewa udongo huo kwa kina fulani na kuwekwa mwingine usiovimba kabla ya kusakafia. Pale ambapo maji ya ardhini yako juu, mfereji ukikaushwa ghafla kwa ajili ya usafi, maji yaliyo nyuma ya kuta huinua mabamba. Matundu madogo ya kupitisha maji hayo ndiyo kinga yake, nayo yanapaswa kuwemo kwenye mchoro tangu mwanzo.

Kabla ya kukubali umbo lolote, angalia kasi. Mfereji wetu wa kitako cha mita moja unapitisha maji kwa mita 0.82 kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha kuzuia tope jepesi lisitulie, na pia kuyanyima magugu mengi nafasi ya kuota. Mfereji mpana sana unapoteza hapa pia, kwa kuwa maji yaliyosambaa hupunguza mwendo na kuacha tope.

Ukishajengwa, unaweza kujua kama hesabu bado inashika kwa kuchora alama moja ukutani. Siku ya kwanza, mfereji ukiwa safi na lita 1,000 zikipita, weka mstari wa rangi kwenye uso wa maji, pale sentimita 71. Tope, mwani na viungo vilivyofumuka vikipandisha n kutoka 0.015 hadi 0.020, maji yaleyale yatapanda hadi sentimita 83, na karibu nusu ya akiba itakuwa imekwisha. Mkiamua kupunguza maji kwenye banio ili yabaki kwenye mstari, mnapitisha lita 750 tu, na mashamba ya mwisho yatakuwa ya kwanza kuona pengo.

Kwa hiyo mpangilio wa maamuzi ni huu. Udongo upimwe kwanza, kwa kuwa ndio unaotoa mlalo wa kuta. Kisha mteremko na kiasi cha maji vitoe umbo bora kwa mlalo huo. Mwisho, kitako kipanuliwe hadi kufikia upana ambao sepetu linaingia vizuri na fundi anapima bila kukosea, mradi saruji inayoongezeka ibaki mifuko ya kuhesabika. Mhandisi akileta mchoro wenye kitako cha sentimita 68, kamati imwulize ni mifuko mingapi itaongezeka kikiwa mita moja. Kwa mfereji huu, jibu ni 17.